Mtoto wa Ndugu Uliyemchukua: Umlee Tu au Umwasili? Mwongozo kwa Walezi wa Mwanza na Visiwa vya Ziwa Victoria

Ukipita Igoma, Kirumba au Nyakato na kuuliza kila nyumba watoto waliomo ni wa nani, utakuta nyumba nyingi zina mtoto wa kaka, wa dada au wa binamu. Mmoja kaletwa kutoka Ukerewe baada ya msiba, mwingine katoka Sengerema kuja kusoma. Hakuna aliyesaini karatasi. Ukoo umekaa, shangazi au mama mdogo kasema "nitakaa naye", na mambo yameishia hapo.

Mpango huu si kosa la jinai, na katika siku za kawaida unatosha. Taabu huanza pale ofisi fulani inapouliza: wewe ni nani kwa huyu mtoto? Inaweza kuwa hospitali inayotaka saini ya upasuaji, mfuko wa bima unaotaka uthibitisho wa mtegemezi, au Uhamiaji inayotaka ridhaa ya mzazi kwa ajili ya pasi. Hapo ndipo watu husikia neno "kuasili", yaani kumfanya mtoto awe wako kisheria kwa amri ya mahakama, na kukimbilia kulitafuta. Wengi wanaolikimbilia hawalihitaji, na baadhi wangejuta kulipata. Mwongozo huu unakusaidia kujua unachohitaji hasa, kisha namna ya kukipata.

Hadhi nne ambazo watu huzichanganya

Sheria inayotawala ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, pamoja na kanuni zake. Kwayo, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Mtu anayekaa na mtoto wa ndugu yake anaweza kuwa katika moja ya hali nne, na kila moja ina uzito wake.

Ya kwanza ni kulea kindugu bila karatasi. Unamlisha, unamsomesha, unamtibu, na sheria inakutaka umtunze vizuri maadamu yuko mikononi mwako. Lakini haki za mzazi hazijahamia kwako. Baba au mama aliye hai anaweza kuja kesho akamtaka mwanawe, na wewe huna hati ya kumwonyesha. Barua ya mtendaji wa mtaa inathibitisha kwamba mtoto anaishi kwako, basi. Hata kile kiapo ambacho watu huapa kwa wakili au hakimu, chenye muhuri mwekundu na stempu, ni maelezo yako mwenyewe uliyoyatoa kwa kiapo. Kitasaidia shuleni na hata benki, lakini hakihamishi haki ya mzazi kuja kwako.

Ya pili ni amri ya mahakama ya kukaa na mtoto. Ndugu anayemlea mtoto anaruhusiwa na sheria kuiomba, na Mahakama ya Watoto husikiliza maombi ya aina hii. Ukiipata, mtoto anakaa kwako kwa amri, na mzazi hawezi kumchukua tu kwa sababu amekasirika. Hata hivyo yeye anabaki mzazi. Bado anadaiwa matunzo, mtoto bado ni mrithi wake, na mazingira yakibadilika mahakama inaweza kuibadilisha amri hiyo.

Ya tatu ni malezi ya kambo. Huu ni mpango rasmi wa ustawi wa jamii ambapo mtoto anawekwa kwenye familia iliyochunguzwa na kukubaliwa, huku afisa ustawi akiendelea kufuatilia. Mlezi wa kambo ana jukumu la kila siku, ila hana umiliki wa jina wala ukoo. Mpango unaweza kusitishwa. Kwa ndugu, mara nyingi hii ni ngazi tu ya kuelekea kuasili.

Ya nne ni kuasili kwenyewe. Mahakama Kuu ikitoa amri hiyo, haki na wajibu wa wazazi wa kuzaa vinakoma na vinahamia kwako moja kwa moja, kana kwamba mtoto umemzaa ndani ya ndoa. Hakuna "nimemrudisha kwao" baada ya hapo. Ukifa bila wosia, anarithi kama mwanao. Na upande wa pili wa jambo hilohilo ndio ambao watu hawauangalii: akishakuwa mtoto wako kisheria, hahesabiwi tena kuwa mrithi wa wazazi waliomzaa wakifa bila wosia.

Hatua ya kwanza: andika ni ofisi gani imekukwamisha

Kabla ya kwenda kwa wakili, chukua karatasi uandike jambo lililokuleta. Nina sababu ya kusisitiza hili. Ukifika kwa wakili na kusema "nataka kuasili", atakufungulia faili la kuasili. Ukimwambia "hospitali ilinikatalia saini", atakupa jibu jingine.

Kama shida ni shule, kwa kawaida cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya mtaa vinatosha. Kama ni mzazi anayekutishia kumchukua mtoto, au mzazi mwenye uwezo asiyeleta hata kilo ya mchele, unachohitaji ni amri ya kukaa na mtoto pamoja na maombi ya matunzo. Ukimwasili, mzazi huyo umemfutia deni. Kama ni bima kupitia mwajiri, uliza mfuko kwa maandishi unamtambua mtoto yupi. Utaratibu uliozoeleka ni mtoto wa kuzaa au wa kuasili kisheria, na hapa ndipo kuasili kunakuwa hitaji la kweli. Kama unataka mtoto awe mrithi wako, wosia ulioandikwa vizuri unaweza kufanya kazi hiyo bila kugusa ukoo wake.

Kwa Waislamu kuna la kuongeza. Katika fiqhi, mtoto wa kulea harithi kama mtoto wa damu na nasaba yake haibadilishwi, lakini wasia wa hadi theluthi moja ya mali kwa asiye mrithi unaruhusiwa, na hiba unaweza kuitoa ukiwa hai. Familia nyingi za Kiislamu huchagua amri ya kukaa na mtoto pamoja na wasia, na kwa maoni yangu ni chaguo safi, wala si la kukimbia sheria.

Hatua ya pili: nyaraka za mtoto, zikiwa za kweli

Hapa ndipo mambo huharibika kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo tukae kidogo.

Mtoto ameletwa bila cheti cha kuzaliwa. Shule inakitaka. Mlezi anakwenda kusajili na kujiandika yeye na mumewe kuwa ndio wazazi, kwa nia njema kabisa: "si ndiye mwanangu?" Kwanza, kutoa taarifa za uongo kwa msajili wa vizazi ni kosa. Pili, uongo huo unakua pamoja na mtoto. Akimaliza kidato cha sita na kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu akiwa yatima, atatakiwa kuonyesha cheti chake cha kuzaliwa na vyeti vya vifo vya wazazi, vyote vikiwa vimehakikiwa na RITA. Cheti chake kinasema wazazi wake wako hai, tena mmoja ana mshahara. Akienda kwenye mirathi ya babake wa kweli, baba mdogo atakinyanyua cheti hichohicho na kuuliza: huyu ni mtoto wa nani? Na ukitaka siku moja kumwasili kihalali, utaanza kwa kujieleza mbele ya jaji.

Kwa hiyo fanya hivi. Sajili kuzaliwa kwake kwa majina ya wazazi wake halisi, ukitumia kadi ya kliniki, tangazo la kizazi au barua za kule alikozaliwa. Kama mzazi amefariki, fuatilia cheti cha kifo; kibali cha mazishi peke yake hakitoshi. Visiwani watu huzika na kuondoka, na karatasi ya zahanati inabaki kwenye sanduku la mtu mpaka inaliwa na mchwa. Itafute sasa, mashahidi wa msiba wakiwa bado hai na bado wanakumbuka tarehe.

Kisha pata muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na wa upande wa baba na wa upande wa mama. Usukumani, suala la mtoto ni wa upande upi huamuliwa sana na habari ya mahari, na kimya cha upande mmoja leo ni ugomvi wa kesho. Muhtasari huo haukupi haki ya kisheria, lakini afisa ustawi na mahakama watausoma kwa makini.

Hatua ya tatu: mfungulie mtoto mirathi kwanza

Kama mzazi wa mtoto amefariki na ameacha chochote, hata kiwanja kimoja au mtumbwi na mashine, shughulikia mirathi kabla ya kufungua ombi la kuasili. Haki ya mtoto kwenye mali ya marehemu inazaliwa siku ya kifo, lakini ukoo hauongei lugha hiyo. Ukoo utasema, "Si amekwisha kuwa mtoto wa shangazi yake? Huku anatafuta nini?" Msimamizi wa mirathi ateuliwe, kwa kawaida kupitia Mahakama ya Mwanzo ya pale marehemu alipokuwa akiishi, na jina la mtoto liingie kwenye orodha ya warithi.

Mfano: shangazi wa Igoma

Tuufuate mfano mmoja wa kubuni, unaofanana na mingi. Shangazi ni muuguzi, ameolewa, anaishi Igoma. Kaka yake alikuwa mvuvi Ukerewe, amefariki na kuacha kiwanja chenye msingi wa nyumba karibu na Nansio. Mtoto ana miaka tisa na yuko kwa shangazi tangu msiba. Wifi yake, yaani mama wa mtoto, ameolewa tena Geita na huja mara chache. Mtoto ana ugonjwa wa selimundu, kliniki haikauki, na shangazi anataka aingie kwenye bima yake.

Shangazi alidhani jambo ni moja: kuasili. Ukilifumua unakuta matatu. La matibabu ya dharura linahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusaini. La bima linahitaji kuasili. La kiwanja linahitaji mirathi. Na katikati yake yupo mama aliye hai, ambaye hajamtupa mwanawe, bali ameolewa kwingine tu.

Anaanza Ukerewe. Anavuka, anatafuta kumbukumbu za kifo, anashughulikia cheti, kisha anaitisha kikao. Baba mkubwa anateuliwa msimamizi wa mirathi na mtoto anaandikwa mrithi. Wakati hilo likiendelea, anakwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza, kwa sababu Igoma iko Nyamagana. Angekuwa anaishi Nyakato upande wa Ilemela, angekwenda Manispaa ya Ilemela. Ofisi inayohusika ni ya pale mlezi anapoishi.

Afisa ustawi anamuuliza swali ambalo wengi hawakulitarajia: mama wa mtoto anasemaje? Shangazi anampigia wifi yake. Wifi anajibu, "Wifi, kaa naye, umsomeshe, nakushukuru. Lakini kusaini kwamba si mwanangu tena, hapana."

Hapo ombi la kuasili limekwama, na ni haki likwame. Ridhaa ya mzazi aliye hai ni sharti. Mahakama inaweza kuiruka kwa mzazi aliyemtelekeza mtoto, anayemtesa, asiyepatikana, asiye na uwezo wa kutoa ridhaa, au anayeikataa bila sababu ya maana. Mama anayekuja mara chache kwa sababu ya nauli na ndoa mpya haingii humo kirahisi, na wakili anayekuahidi vinginevyo anakula pesa yako.

Shangazi anachukua njia ya pili. Kwa makubaliano na wifi yake, anaomba amri ya kukaa na mtoto, mama akiwa na haki ya kumtembelea na mtoto akienda Geita likizo. Kuhusu bima, anauliza aina nyingine za uanachama zinazoweza kumpokea mtoto bila kuwa mtegemezi wake. Amri inampa nguvu ya kusaini hospitali. Kama miaka ikipita na mama akaridhia mwenyewe, mlango wa kuasili bado uko wazi, mirathi ikiwa tayari imekaa sawa.

Hatua ya nne: ukiwa na sababu ya kuasili, njia ni hii

Tuseme wazazi wote wamefariki, au aliye hai ameridhia akielewa. Unaandika ombi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii kupitia ofisi ya ustawi ya halmashauri yako. Ombi linaambatana na vyeti, picha, barua ya mtaa na ushahidi wa kipato na afya. Orodha kamili utapewa hapo ofisini, na ichukue ikiwa imeandikwa.

Masharti ya msingi yajue mapema. Kwa kawaida mwombaji awe amezidi miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Kwa ndugu wa mtoto sheria imelegeza umri huo. Mwenye ndoa haasili kwa siri: mwenzi wake aombe naye au aridhie. Mwanamume anayeomba peke yake ana kizingiti cha ziada, kwa hiyo mjomba asiye na mke aongee na afisa ustawi kabla hajatumia hata senti.

Afisa atakuja nyumbani. Usipake rangi nyumba wala kukopa makochi. Anaangalia mtoto analala wapi na nani, watoto wa kuzaa wanamchukuliaje, na kama anajua habari zake mwenyewe. Atazungumza naye peke yake, kwa sababu mtoto anayeweza kutoa maoni anapaswa kusikilizwa. Mtoto aliyefundishwa majibu hugundulika upesi, na taarifa itasema hivyo. Kuna pia kipindi cha miezi kadhaa cha kuishi na mtoto huku ustawi wakifuatilia. Ndugu aliyekaa naye miaka mingi hushangaa kuambiwa hivyo, lakini kukaa naye bila ofisi kujua si sawa na kukaa naye ofisi ikifuatilia. Hiyo ndiyo sababu ya kutoa taarifa mapema hata kama hujaamua.

Baada ya kibali cha ustawi, ombi linafunguliwa Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Mwanza. Mahakama huteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto ndani ya shauri, mara nyingi afisa ustawi, naye huleta taarifa. Shauri husikilizwa faragha. Jaji atataka kuridhika na mambo matatu hasa: kwamba waliotoa ridhaa wanaelewa kuwa haki zao zinakoma moja kwa moja, kwamba hakuna fedha wala zawadi iliyotolewa ili mtoto apatikane, na kwamba jambo hili ni kwa faida ya mtoto. La fedha ni la kuchunga hata kwa ndugu. Ukimtumia mzazi "asante ya kusaini", hata laki moja ya nia njema, umejitengenezea kosa.

Gharama zinazouma zaidi ni za wakili na nauli. Asiye na uwezo aombe msaada kupitia watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya ustawi au ya mkuu wa wilaya itakuelekeza kwao. Jihadhari na anayejitolea "kukuharakishia" akiwa nje ya geti la mahakama.

Hatua ya tano: amri ikishatoka

Amri ya mahakama ipelekwe RITA, ambako kuna rejista ya watoto walioasiliwa. Hapo ndipo mtoto anapata cheti kipya kinachokutaja wewe kuwa mzazi, na hiki ni cha kweli, tofauti na kile cha kujiandika. Wengi hutoka mahakamani wakiwa na furaha na kuiweka amri kabatini, kisha wanashangaa bima inapokataa.

Ukishapata cheti, badilisha kumbukumbu za shule kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba, maana jina likishaingia Baraza la Mitihani kulirekebisha ni kazi nyingine. Peleka nakala kwa mwajiri na mfuko wa bima. Vyeti vya vifo vya wazazi wa kuzaa na nakala ya hati za mirathi usivitupe. Vifungie bahasha moja na amri ya mahakama, na mtoto akikua ajue bahasha hiyo iko wapi.